Kidogo Isiyopunguza Ugumu: Kukataa kwa Adabu na Kosa la Msikilizaji katika Hadithi Fupi "Ngumu Kidogo"

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hadithi fupi ya Kiswahili "Ngumu Kidogo", ambayo bado ni mswada na ambayo mwandishi wake hatutamtaja. Hadithi inamhusu wakala wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa mwambao wa Ziwa Kivu, anayesafiri hadi Kobe, Japani, na kulichukulia jibu la *chotto muzukashii* kuwa kukubaliwa. Hoja yetu ni kwamba kosa la msafiri halitokani na kutojua maana ya maneno. Maneno yote mawili anayajua. Anachokosea ni kile ambacho neno *chotto* linakipunguza. Aidha, tunaonyesha kwamba hadithi yenyewe imeweka mbele ya msomaji ushahidi wa kutosha wa kukataliwa, na kwamba udhaifu wake mkubwa ni kuupuuza ushahidi huo katika kurasa za mwisho na kuutupia lawama "utamaduni". Mwisho tunaeleza jambo hili linawahusu vipi wanaowafunza wakalimani na wanaoandika kumbukumbu za mazungumzo ya biashara.

1. Utangulizi

Tafiti za kukataa katika Kijapani si ngeni. Mwaka 1974 Keiko Ueda aliorodhesha njia kumi na sita ambazo Wajapani huzitumia kukwepa kutamka "hapana". Mwaka 1990 Beebe, Takahashi na Uliss-Weltz walilinganisha namna wasemaji wa Kijapani na wa Kiingereza cha Marekani wanavyokataa maombi, mialiko na mapendekezo. Mambo mawili katika matokeo yao yanatufaa hapa. La kwanza ni kwamba sababu wanazotoa wasemaji wa Kijapani huwa za jumla zaidi kuliko za Wamarekani. La pili ni kwamba namna ya kukataa hubadilika kulingana na hadhi ya anayekataliwa. Kwa hiyo, anayengoja sababu mahususi ili ajue kuwa amekataliwa anaweza kungoja asiipate.

Tafiti hizo zilihusu zaidi Kijapani na Kiingereza. Hadithi tunayoijadili inatupa fursa adimu ya kulitazama jambo hilohilo kwa sikio la mzungumzaji wa Kiswahili, na sikio hilo, kama tutakavyoona, hukosea kwa namna yake.

2. Muhtasari wa hadithi

Msafiri, ambaye hadithi haimpi jina, ametumwa Kobe na ushirika wake mwezi Februari, majuma machache kabla ya mavuno kuanza. Mwaka uliotangulia mnunuzi wa Kobe alichukua magunia 20 ya kahawa ghafi kwa majaribio, akaridhika. Sasa ushirika unataka auziwe kontena zima: magunia 300 ya kilo 60, yaani tani 18. Msafiri amejifunza Kijapani cha kitabu cha mfukoni kwa miezi mitano.

Katika kikao cha asubuhi meneja wa ununuzi anayaagiza tena magunia 20. Baada ya chai msafiri analeta ombi la kontena. Meneja anavuta pumzi kupitia meno, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha anasema: *Sore wa… chotto muzukashii desu ne.* Kikao kinamalizika kwa heshima zote. Msafiri anateremka barabarani, anampigia simu mwenyekiti wa ushirika na kumwambia: "Wamesema ni ngumu kidogo. Ngumu kidogo, mzee, si ngumu sana. Tuanze."

Ushirika unakopa benki ili ununue matunda mekundu kwa wakulima. Hapa mwandishi anaonyesha kwamba anaijua kazi anayoiandika. Kilo moja ya kahawa ghafi huhitaji kilo sita hadi saba za matunda, hivyo tani 18 zinadai zaidi ya tani mia moja za matunda. Tena matunda yakishachumwa hayangoji, kwani hukobolewa siku hiyohiyo, la sivyo huchacha na ladha huharibika. Uamuzi uliofanywa kwa simu ile haurudishwi nyuma. Agizo la kontena halifiki. Kahawa inauzwa kwa mlanguzi kwa bei isiyotosha kulipa mkopo, na msafiri anasimama mbele ya mkutano wa wanachama kueleza maneno mawili ya Kijapani.

3. Neno *chotto* linapunguza nini?

Tuanze na simu, kwa sababu ndipo kosa linapofanyika. Tafsiri ya msafiri, "ngumu kidogo", ni sahihi kikamusi. *Chotto* ni "kidogo", *muzukashii* ni "-gumu". Mwanafunzi angeiandika hivyo katika mtihani na kupata alama zote. Swali la pragmatiki ni jingine: ule "udogo" unakaa juu ya kitu gani?

Katika tafsiri ya msafiri udogo umekaa juu ya ugumu. Jambo lina ugumu, ugumu wenyewe ni mdogo, kwa hiyo jambo linawezekana. Hitimisho hilo linafuata vizuri, lakini limejengwa juu ya msingi usio wake. Yo Matsumoto (1985) alionyesha kwamba *chotto* katika matumizi ya aina hii halipimi kiasi cha kitu kinachosemwa. Linapunguza uzito wa kitendo uneni chenyewe, yaani tendo la kusema. Meneja hapunguzi ugumu wa kununua magunia 300. Anapunguza makali ya kumwambia mgeni wake kwamba hatayanunua. Ugumu uko palepale, na katika mazingira ya ombi la biashara neno *muzukashii* likisimama peke yake huwa na maana ya "haiwezekani".

Jambo ambalo hadithi haikuliona, na ambalo kwetu ndilo muhimu kuliko yote, ni kwamba Kiswahili kinacho kipunguzi hikihiki. Tunaposema "njoo kidogo" hatumwombi mtu aje nusu ya njia. Tunaposema "naomba nikuone kidogo" hatuna maana ya kumwona sehemu ya mwili. Hapo "kidogo" inalainisha amri au ombi, na inafanya kazi ileile ya *chotto* katika *chotto kite*, "njoo kidogo", au *chotto matte*, "subiri kidogo". Msafiri alikuwa na ufunguo wa lugha ya Kobe mdomoni mwake tangu utotoni.

Kwa nini basi hakuutumia? Kwa sababu Kiswahili, kikiweka "kidogo" baada ya kivumishi, hufungua njia ya usomaji mwingine. "Ni ngumu kidogo" ikitamkwa dirishani katika ofisi zetu mara nyingi si mwisho wa mazungumzo bali mwanzo wake. Msikilizaji hutarajiwa kubembeleza, kumtaja mtu anayefahamika, kurudi kesho, na pengine mengine ambayo sote tunayajua na hatuyaandiki. Kauli hiyo ni mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa komeo. Msafiri alisikia maneno ya Kobe kwa masikio ya dirishani. Kwa hiyo kosa lake lilikuwa la kuhamisha kaida ya mazungumzo kutoka lugha moja hadi nyingine, na hakuna kamusi ambayo ingemwokoa.

Ni lazima tuweke mpaka hapa. Si kila *muzukashii* ni kukataa. Mtahiniwa akisema mtihani ulikuwa *muzukashii*, ana maana kwamba ulikuwa mgumu, basi. Hata katika kikao, ikiwa msemaji angeongeza kiunganishi *ga*, "lakini", kisha akataja sharti au kiasi kingine, tungekuwa na kukataa kwa sehemu kunakoleta pendekezo jipya. Kinachoamua ni kinachofuata. Katika hadithi yetu kilichofuata ni *ne*, kiambishi cha mwisho kinachomwalika msikilizaji akubaliane na msemaji, kisha kimya. Meneja alimwomba mgeni wake aelewe bila kulazimishana kusema zaidi.

4. Ushahidi uliomo ndani ya kikao

Ubora mkubwa wa hadithi hii ni kwamba haimfichi msomaji chochote. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini anaona kwa macho ya msafiri pekee. Maneno ya meneja yanaletwa kwa Kijapani bila tafsiri, na tafsiri tunayopewa baadaye ni ya msafiri kwenye simu. Msomaji asiyejua Kijapani anaamini kama ushirika ulivyoamini, na anaumia pamoja nao. Akirudi kusoma mara ya pili anagundua kwamba alikuwa na habari zote.

Tulinganishe sehemu mbili za kikao. Meneja anapozungumzia magunia 20, anauliza kiwango cha unyevu wa kahawa, na anaridhika kusikia ni asilimia 11. Anauliza mwezi wa kusafirisha, aina ya mifuko ya ndani inayozuia unyevu, na ikiwa wakulima walinyunyizia dawa yoyote. Swali la mwisho halikuwekwa kwa mapambo. Tangu mwaka 2006 Japani inatumia utaratibu unaoweka kikomo cha mabaki ya viuatilifu katika kila chakula kinachoingia nchini, na pale ambapo dawa haina kikomo chake maalumu hutumika kikomo cha jumla cha sehemu 0.01 kwa milioni. Mnunuzi anayekusudia kununua hawezi kukaa bila kuuliza.

Linapokuja suala la magunia 300, meneja hataki kujua unyevu, mwezi, bandari wala dawa. Anamimina chai na kumuuliza mgeni ndege yake inaondoka saa ngapi. Katika magunia 20 ana maswali manne, katika magunia 300 hana hata moja. Mnunuzi aliyekubali mzigo mkubwa mara kumi na tano ya ule wa kwanza angekuwa na maswali mengi zaidi. Hiki ndicho kipimo ambacho hata mtu asiyejua neno moja la Kijapani angeweza kukitumia: kukubali huzaa maswali ya tarehe na kiasi, kukataa kwa adabu huzaa maswali ya safari njema.

Ushahidi wa pili ni neno *hai*. Msafiri anamhesabia meneja *hai* kumi na moja wakati akieleza ubora wa kahawa yake, na anaziandika daftarini kama "ndiyo" kumi na moja. Lakini *hai* inayotamkwa katikati ya maelezo ya mwenzio ni kiitikio, sawa na "naam" ya msikilizaji wa hadithi. Humwambia msemaji kwamba anasikika, si kwamba anakubaliwa. Hapa tena Kiswahili kingemsaidia. Anayeitikia "naam" wakati wa kusimuliwa hadithi ya fisi hajakubali kuwa fisi anaongea.

5. Nani alaumiwe?

Kurasa mbili za mwisho zinaidhoofisha hadithi. Mbele ya mkutano wa wanachama msafiri anasema kwamba "Wajapani hawana neno la hapana", na msimulizi, aliyekuwa makini hadi hapo, anamwacha aseme bila kumpinga. Mzee mmoja anatikisa kichwa kuhusu watu wa ajabu wa mashariki, na hadithi inafungwa.

Kwanza, kauli hiyo si kweli. Kijapani kina *iie*, kina *dame*, kina *dekimasen*, na maneno hayo husikika kila siku pale uhusiano unaporuhusu au kanuni inapodai. Meneja aliteua namna ya kukataa kwa kumtazama aliyekuwa mbele yake: mgeni aliyesafiri mbali, anayewawakilisha wakulima ambao kahawa yao bado anaitaka kwa kiasi kidogo. Kwa mtazamo wa Brown na Levinson katika nadharia yao ya upole, alikuwa analinda hadhi ya msikilizaji. Sachiko Ide (1989) angeongeza kwamba si kila adabu ya Kijapani ni mkakati wa mtu binafsi, kwani sehemu yake ni *wakimae*, utambuzi wa nafasi ya kila mmoja na mwenendo unaoipasa. Kwa vyovyote vile, meneja alisema hapana. Alisema waziwazi kwa kipimo cha chumba kile.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, maelezo ya utamaduni yanamwondolea msafiri jukumu ambalo hadithi yenyewe ilikuwa imembebesha. Ukurasa wa kwanza unatuambia kwamba mwenyekiti alimwambia asirudi bila kontena. Usiku wa kuamkia kikao anapiga hesabu ya ada za watoto kwa bei ya tani 18. Mtu aliyefika chumbani na jibu tayari angeligeuza hata neno wazi zaidi lifae. Kosa la sikio lilianzia katika haja. Hadithi ilikuwa imelijua jambo hili, kisha ikalisahau.

Historia ya diplomasia inatupa kisa cha kulinganisha. Mwezi Novemba 1969 Waziri Mkuu Eisaku Sato alikutana na Rais Richard Nixon mjini Washington. Nixon alitaka Japani ipunguze mauzo yake ya nguo nchini Marekani. Inasimuliwa mara nyingi kwamba Sato alijibu *zensho shimasu*, kauli ya adabu inayoweza kumaanisha "nitalishughulikia ipasavyo" bila kuahidi lolote, na kwamba mkalimani aliigeuza kuwa ahadi. Kisa hicho hufundishwa kama mfano wa hatari ya tafsiri. Lakini mwaka 1994 Kei Wakaizumi, aliyekuwa mjumbe wa siri wa Sato kwa Henry Kissinger, alichapisha kumbukumbu zake, na humo suala la nguo linaonekana likijadiliwa kwa siri sambamba na kurejeshwa kwa Okinawa. Kama ndivyo, Marekani haikuota tu ahadi kwa sababu ya kitenzi kimoja. Masikilizano yalikuwapo, na ugumu ulikuwa kuyatekeleza mbele ya wenye viwanda wa Japani. Mgogoro wa nguo haukumalizwa hadi Oktoba 1971.

Tunachojifunza hapo si kwamba tafsiri haina hatari. Ni kwamba "tulielewana vibaya" ni maelezo yanayowafaa watu wengi baada ya mambo kuharibika, kwa kuwa hayamlaumu yeyote. Mhakiki anapaswa kuyatilia shaka katika hadithi kama mwanahistoria anavyoyatilia shaka katika kumbukumbu.

6. Yanayowahusu walimu na washauri

Mambo matatu yanafuata moja kwa moja kutoka katika uchambuzi huu.

Kwanza, mafunzo ya lugha za kigeni kwa wafanyabiashara wetu hufundisha kuomba na kushukuru, na kukataa huachwa mwishoni au huachwa kabisa. Somo la kukataa lifundishwe mapema, tena kwa kulinganisha na Kiswahili. Mwanafunzi akionyeshwa "njoo kidogo" na *chotto kite* kwa pamoja, kisha akaonyeshwa kwamba "ngumu kidogo" ya dirishani na *chotto muzukashii* ya kikaoni zinaachana njia, atalikumbuka somo hilo kuliko orodha ya misamiati.

Pili, mkalimani apewe ruhusa ya wazi ya kutafsiri kitendo, si maneno tu. Mkalimani anayesema "amesema ni ngumu kidogo" amekuwa mwaminifu kwa kamusi na amemsaliti mteja wake. Anayesema "amekataa kwa heshima, maneno yake ni haya" amefanya kazi yote. Ruhusa hiyo inapaswa kuandikwa kabla ya kikao, kwa sababu mkalimani asiyekuwa nayo atajilinda kwa kubaki ndani ya maneno.

Tatu, kumbukumbu za kikao ziweke jibu la upande wa pili kwa lugha yake, tafsiri kando yake, na chini yake safu moja ya hatua: kiasi, tarehe, anayehusika. Safu hiyo ikibaki tupu, ofisi iliyomtuma mjumbe ihesabu kwamba hakuna makubaliano, hata kama mjumbe amerudi akitabasamu. Katika hadithi yetu safu ya magunia 20 ingejaa na safu ya magunia 300 ingekuwa tupu, na mwenyekiti angeiona kabla ya kwenda benki.

7. Hitimisho

"Ngumu Kidogo" ni hadithi iliyojengwa vizuri hadi karibu na mwisho. Inamfanya msomaji afanye kosa lilelile la mhusika, jambo ambalo ripoti ya mafunzo haiwezi kulifanya. Ingekuwa kamili kama ingemruhusu mtu mmoja katika mkutano ule, mama mmoja tu miongoni mwa waliochuma matunda yale, amuulize msafiri swali ambalo hadithi nzima imeliandalia nafasi: "Aliposema hivyo, mwanangu, alikuuliza mzigo utafika lini?"

Msafiri angelazimika kujibu kwamba hakuulizwa. Na mkutano, bila kujua Kijapani, ungekuwa umeelewa.